Awamu ya pili imechelewa na msimu wa alizeti unakaribia: nisaidieni kuirekebisha barua hii kwa mfadhili

Alizeti_Kati – 3 Novemba, saa 2:10 asubuhi

Wakuu, habari za asubuhi. Asasi yetu iko Singida, tuna mradi wa alizeti wa miezi 18 ulioanza Mei. Mfadhili ni taasisi ya ruzuku iliyoko Dar, nayo hupokea fedha kutoka nje na kuzigawa kwa asasi kama zetu. Jumla ya ruzuku ni shilingi milioni 180 kwa awamu tatu: 72, 72 na 36. Awamu ya pili ilikuwa itoke tarehe 1 Oktoba, kwa sharti la ripoti kukubaliwa na angalau asilimia 70 ya awamu ya kwanza iwe imetumika. Ripoti ya hadi 31 Agosti tuliituma 12 Septemba, matumizi milioni 54, yaani asilimia 75. Mpaka leo kimya.

Tunatakiwa kugawa mbegu kwa kaya 600, kilo 4 kila kaya. Msambazaji anataka nusu ya bei kabla hajatutengea mzigo. Benki imebaki milioni 7.

Barua niliyoandika ni hii, lakini mwenyekiti anasema haina nguvu:

*"Kwa masikitiko makubwa tunapenda kukujulisha kuwa hadi sasa hatujapokea fedha za awamu ya pili. Ucheleweshaji huu umeathiri sana utekelezaji wa mradi na kuwavunja moyo wakulima wetu ambao ni maskini. Tunaomba ofisi yako itusaidie kwa haraka iwezekanavyo ili shughuli zisisimame. Tunatanguliza shukrani."*

Niongeze nini?

---

MhasibuWaMtaa – saa 2:41

Mkuu, usipoteze muda na barua. Kama mna mradi mwingine wenye fedha, kopeni huko mlipie mbegu, awamu ikiingia mnarudisha. Andikeni vocha ya mkopo wa ndani, mtie saini wawili. Asasi nyingi zinafanya hivyo.

---

Mama_Shamba2 – saa 3:05

Pole sana. Nionavyo waombeni kuongezewa muda tu. Miezi mitatu wanatoa bila shida, na haiwagharimu kitu.

---

Fungakitabu – saa 3:48

Mama Shamba, miezi mitatu haimsaidii hapa, na hiyo ndiyo hoja ambayo barua yake imeikosa. Singida ina msimu mmoja wa mvua. Alizeti inapandwa Desemba, ukichelewa sana inafika Januari. Mbegu ikikosekana dirisha hilo, msimu unaofuata ni Desemba ya mwakani, na mradi wa miezi 18 ulioanza Mei unaisha Oktoba ya mwakani. Kwa hiyo wiki tano za kuchelewa kwa fedha zinaondoa kazi nzima ya shambani ndani ya uhai wa mradi. Afisa wa Dar haoni hilo kwenye maneno "umeathiri sana utekelezaji". Mwandikie kwa tarehe.

Mhasibu, mkopo wa ndani uko sawa nusu. Unawezekana kama fedha unayokopa ni ya asasi yenyewe, mfano ada za wanachama au mapato ya ukumbi. Fedha ya mradi mwingine ina mfadhili wake na mkataba wake. Ukiichukua bila ruhusa yake ya maandishi, mkaguzi wa mradi ule ataiandika kuwa matumizi yasiyokubalika hata kama ulishairudisha, maana siku ya ukaguzi anaangalia taarifa ya benki ya mwezi ule.

Alizeti, kabla hujagusa barua, jua fedha imekwama wapi. Kuna sehemu mbili tu. Ama ripoti yenu bado haijakubaliwa, ama imekubaliwa lakini taasisi yenyewe haijaletewa fedha na mfadhili wake wa juu. Hizo zinataka barua mbili tofauti kabisa. Kama ni ya kwanza, afisa anaweza kuamua na unamwomba uamuzi. Kama ni ya pili, hata akikupenda hana cha kukulipa, na unachomwomba ni ruhusa na tarehe. Pitia kila anwani ya barua pepe iliyotajwa kwenye mkataba, pamoja na za watu walioacha kazi. Kisha piga simu umuulize afisa swali moja: ripoti yetu iko hatua gani?

---

Nyota_ya_Mtera – saa 4:20

Sisi fedha ilitoka kwao ikarudi. Jina la akaunti kwenye fomu liliandikwa kwa kifupi, benki ina jina refu, malipo ya TISS yakakataliwa. Tulikaa wiki mbili tukilalamika kumbe iko kwao. Muulize pia kama wameshalipa.

---

Alizeti_Kati – saa 8:15 mchana

Fungakitabu, umegonga penyewe. Afisa miradi alituma maswali 26 Septemba kwa barua pepe ya mhasibu aliyeondoka Agosti. Anahoji gari la kukodi la shilingi 1,350,000 kwa sababu risiti ni ya kitabu, si ya EFD, na anataka orodha ya mahudhurio ya mafunzo ya Julai yenye saini. Orodha ninayo. Risiti ya EFD mwenye gari hana.

Nyota, nimeuliza pia, hawajalipa. Fedha wanayo, inasubiri ripoti ikubaliwe.

Sasa naona aibu kuandika "masikitiko makubwa" wakati kosa ni letu.

---

Fungakitabu – saa 8:52

Basi masikitiko yaondoke na kosa likae kwenye barua kwa sentensi moja, bila kujieleza sana. Afisa anayeona umekiri kwamba maswali yake yalikaa wiki tano bila majibu hana haja ya kujitetea, anaenda moja kwa moja kwenye uamuzi.

Gari usilipiganie sasa. Toa hiyo 1,350,000 kwenye hesabu uone: 54,000,000 inabaki 52,650,000, ambayo ni asilimia 73 ya milioni 72. Bado mmepita sharti la 70. Mwambie aiweke pembeni mpaka mtakapokubaliana, isizuie awamu nzima. Hiyo ndiyo sentensi yenye uzito kuliko zote kwenye barua yako, kwa sababu inamwezesha kukubali ripoti leo bila kuvunja utaratibu wake.

Sasa nipe vitu vitatu: bei ya mbegu, mkataba unasema wanalipa ndani ya siku ngapi baada ya kukubali ripoti, na milioni 7 iliyobaki ina kazi gani Novemba.

---

Alizeti_Kati – saa 9:30

Mbegu kilo 2,400 kwa 5,000, jumla milioni 12. Nusu ni milioni 6, anaitaka kabla ya 20 Novemba. Akishalipwa yote anafikisha ndani ya siku 10, nasi tunataka mzigo uwe ghalani kijijini 10 Desemba. Mkataba: siku 15 za kazi.

Novemba tunatumia milioni 5.5: mishahara 3.2, pango na mawasiliano 0.8, ziara za vijijini 1.5. Nilifikiri niombe ruhusa ya kutumia hiyo milioni 6 kutoka kwenye salio.

---

Fungakitabu – saa 10:17 jioni

Usiombe hiyo. Ukitoa 6 kwenye 7 unabaki na 1, na mishahara peke yake ni 3.2. Akikupa ruhusa hutaweza kuitumia, na akikagua atajua hukupiga hesabu.

Angalia kalenda. Ripoti ikikubaliwa Ijumaa tarehe 7, siku 15 za kazi zinaishia 28 Novemba. Kwa hiyo awamu inawahi malipo ya mwisho ya mbegu, haiwahi malipo ya awali ya tarehe 20. Pengo lako halisi ni siku nane na kiasi kidogo. Rudi kwa msambazaji, mwombe apokee asilimia 20 badala ya 50, yaani 2,400,000, ukimwonyesha mkataba wa ruzuku. Ziara za Novemba zisogezwe, unabaki na milioni 3 baada ya mishahara na pango. Inatosha. Lakini mbegu iko kwenye bajeti ya awamu ya pili, kwa hiyo kuilipia kutoka salio la kwanza kunahitaji ruhusa ya maandishi. Hiyo ndiyo unaiomba.

---

MhasibuWaMtaa – saa 10:40

Hapo kwenye fedha ya mfadhili mwingine nimekubali. Ila nakala ya barua iende kwa mkurugenzi wao. Afisa peke yake anaweza kuikalia tena.

---

Nyota_ya_Mtera – saa 10:55

Nakala kwa bosi siku ya kwanza ni kumshtaki mtu, na safari hii waliochelewa ni ninyi. Ngojeni kwanza.

---

Alizeti_Kati – 4 Novemba, saa 1:35 asubuhi

Msambazaji amekubali asilimia 20, kwa barua. Nimeandika upya:

*"YAH: Majibu ya maswali ya 26 Septemba na ombi la uamuzi kabla ya 7 Novemba*

*Maswali yako kuhusu ripoti yetu yalifika kwenye anwani ya mtumishi aliyeacha kazi, nasi hatukuyaona hadi jana. Tunaomba radhi. Anwani mpya ya mawasiliano iko chini ya barua hii.*

*Orodha ya mahudhurio yenye saini imeambatishwa. Gari la shilingi 1,350,000 halina risiti ya EFD. Tunaomba liwekwe pembeni hadi tutakapokubaliana. Bila kiasi hicho matumizi ni shilingi 52,650,000, sawa na asilimia 73 ya awamu ya kwanza.*

*Mbegu za kaya 600 zinatakiwa kufika kijijini 10 Desemba. Zisipopandwa msimu huu, msimu unaofuata utaanza baada ya mradi kuisha. Tunaomba mambo mawili:*

*1. Ripoti ikubaliwe ifikapo 7 Novemba, ili awamu ya pili ilipwe ndani ya siku 15 za kazi, yaani kufikia 28 Novemba.*

*2. Ruhusa ya maandishi kutumia shilingi 2,400,000 za salio la awamu ya kwanza kama malipo ya awali ya mbegu kabla ya 20 Novemba. Ziara za Novemba tumezisogeza. Mishahara na pango haviguswi. Hati ya bei na barua ya msambazaji zimeambatishwa.*

*Nitakupigia simu Alhamisi saa 4 asubuhi."*

---

Fungakitabu – saa 2:20

Tuma. Ongeza kitu kimoja tu: jina la akaunti kama lilivyo benki, herufi kwa herufi, lile jambo la Nyota lisije kula hizo siku chache ulizonazo. Na weka ombi la pili kwenye ukurasa wake lenye nafasi ya saini na tarehe ya afisa, ili akikubali asiwe na barua ya kutunga, na wewe uwe na karatasi ya kumwonyesha mkaguzi.

La mkurugenzi mimi ningesubiri hadi baada ya simu ya Alhamisi. Mhasibu ana hoja, siku ni chache mno.

---

Mama_Shamba2 – saa 2:44

Na lile gari je? Mwishowe nani anailipa hiyo 1,350,000?

---

Fungakitabu – saa 3:02

Wakikataa, asasi inairudisha kutoka kwenye fedha zake yenyewe. Kwanza amwombe mwenye gari hati ya kukiri malipo, yenye namba ya gari, siku na safari, aambatishe na daftari la safari. Wapo wanaokubali hivyo, wapo wasiokubali.

---

Alizeti_Kati – saa 3:30

Imeenda, na jina la akaunti nimelinakili kutoka kwenye taarifa ya benki. Mwenye gari yuko Manyoni, namfuata leo na daftari.