Naomba ushauri: mpango wa biashara mfupi, kila sehemu inatakiwa ijibu nini?

Cherehani Mpya (mleta uzi)
Wakuu, habari za muda huu. Naanza biashara kwa mara ya kwanza, kushona sare za kazi. Mkopeshaji ameniambia nilete mpango wa biashara, na mimi nataka uwe wa kurasa chache zinazosomeka. Nimekwama kwenye mpangilio. Muhtasari nimeuandika nikafuta, nikaandika tena nikafuta. Niambieni tu sehemu zinafuatanaje na kila moja ijibu nini. Mteja ninaye na faida ipo, hilo lisiwape shida.

Shoka Butu
Sehemu ya kwanza: "Naomba hela." Sehemu ya pili: sahihi. Umemaliza.

Mama Rejesho
Muhtasari unakushinda kwa sababu unaanza nao. Unakaa ukurasa wa mbele lakini unaandikwa mwisho kabisa. Swali lake ni moja: unaomba kiasi gani, cha kufanyia nini, na kitarudi kutoka wapi? Kabla hujamaliza hesabu huwezi kulijibu, ndiyo maana unafuta.

Baada ya hapo eleza bidhaa na mteja pamoja. Wengi hapa wanasifu bidhaa, wakati msomaji anatafuta nani anatoa hela mfukoni. Anayevaa sare si anayeilipia, na anayeilipia huenda si anayechagua mshonaji. Wataje wote watatu.

Kijana wa Mauzo
Mimi naona nguvu yote iweke kwenye soko. Onyesha watu wanaovaa sare ni wengi kiasi gani, halafu sema ukipata asilimia moja tu umefanikiwa. Mkopeshaji akiona soko kubwa hana neno. Faida ikiwepo hela itakuwepo tu.

Leja Kuu
Kijana, sehemu ya soko ni kweli ina uzito, ila hiyo asilimia moja ndiyo sentensi inayomfanya afisa mikopo aweke kalamu chini. Haisemi huyo mteja wa kwanza anatoka wapi. Swali la soko ni hili: wanaohitaji sare leo wananunua kwa nani, na kwa nini wamwache? Majina matano ya wanunuzi uliozungumza nao, na walichokulalamikia kuhusu mshonaji wa sasa, yanashinda takwimu za nchi nzima.

Hilo la faida na hela nalishika baadaye. Mleta uzi, kwanza nijibu: mteja uliyenaye ni mmoja au wengi? Na analipa lini?

Cherehani Mpya
Mkuu, nimeuliza mpangilio. Mambo ya malipo tumeshaelewana naye.

Mama Rejesho
Mmeelewana vipi? Kwa maandishi?

Pimajoto
Samahani kuingilia. Mimi natengeneza programu za simu, sina karakana wala kitambaa. Sehemu ya uendeshaji niiruke?

Mama Rejesho
Usiiruke, Pimajoto. Swali la uendeshaji ni: oda moja inapita mikono mingapi mpaka ikamilike, na wapi inakwama? Kwako itakwama kwenye majaribio na marekebisho ya mteja. Kwa mshonaji inakwama kwenye mafundi. Sasa tumwachie mwenye uzi ajibu.

Cherehani Mpya
Sawa. Mteja ni mmoja, kampuni yenye wafanyakazi wengi. Watachukua sare 100 kila mwezi, wanalipa siku 60 baada ya kupokea mzigo. Mkataba bado, ila meneja wao ni mtu wa kuaminika. Na mashine nimeshazitolea arabuni, kwa hiyo msinishauri nianze na cherehani moja sebuleni. Faida nimepiga hesabu, inatoka kila mwezi.

Leja Kuu
Hapo ndipo penyewe. Weka hesabu zako. Kama hutaki kutaja kiasi halisi, fanya bei ya sare moja iwe 10 na mengine yote yafuate kipimo hicho.

Cherehani Mpya
Haya. Sare 10. Kitambaa na vifungo 5. Fundi analipwa kwa kipande, 2. Pango, umeme na usafiri 150 kwa mwezi. Nina 600 zangu, naomba mkopo 900, jumla 1,500. Mashine zote, pamoja na arabuni, ni 700. Zinabaki 800 za kuzungusha. Rejesho ni 60 kwa mwezi kuanzia mwezi wa kwanza. Sare 100 zinaleta 1,000, natoa 700 za kitambaa na fundi, natoa 150, faida 150. Nikilipa rejesho nabaki na 90.

Shoka Butu
Mbona kila namba imekaa mviringo hivi? Kampuni kubwa, meneja mwema, sare 100 kamili, faida 150 kamili. Wakuu, huu ni mtihani wa darasani, tunafanyishwa hesabu za mtu bure.

Kijana wa Mauzo
Hata mimi nimeanza kushtuka. Mtu aliyelipia mashine haji kuuliza muhtasari unaandikwaje.

Cherehani Mpya
Nimeambiwa nibadilishe kipimo, nimebadilisha, sasa nasutwa kwa namba mviringo! Arabuni niliwahi kwa sababu muuzaji alikuwa anapandisha bei.

Mama Rejesho
Awe mwanafunzi au mshonaji, hesabu ni ileile. Ila kama arabuni ni ya kweli, stakabadhi yake iambatanishe. Mkopeshaji anataka kuona umeweka chako, na maneno matupu hayahesabiwi. Uliza pia kama inarudishwa mkopo ukichelewa au ukikataliwa.

Leja Kuu
Nijibu sasa lile la Kijana. Sehemu ya fedha kwa mtu anayeanza haiulizi kwanza "utapata faida kiasi gani?" Inauliza "hela inaisha mwezi gani?" Ni maswali mawili tofauti, na hesabu ya mleta uzi inaonyesha tofauti yake.

Chora jedwali la miezi 12. Kila mwezi andika hela uliyoanza nayo, iliyoingia, iliyotoka na iliyobaki. Iliyoingia uiandike mwezi inapofika mkononi, si mwezi uliokabidhi mzigo. Tuchukue mzigo unakabidhiwa mwisho wa mwezi.

Kila mwezi zinatoka 910: kitambaa 500, mafundi 200, pango na wenzake 150, rejesho 60. Mwezi wa kwanza unaanza na 800 na hakuna kinachoingia. Unamaliza ukiwa na upungufu wa 110, maana yake hata kabla ya kukabidhi mzigo wa kwanza kuna mtu hujamlipa. Mwezi wa pili upungufu unafika 1,020. Mwezi wa tatu unatoa 910 nyingine, unafika 1,930, ndipo siku ya mwisho inaingia 1,000 ya mzigo wa kwanza.

Kwa hiyo unaomba 900 wakati shimo lako ni 1,930 zaidi ya hiyo, huku karatasi ya faida inasoma 150 kila mwezi. Karatasi haidanganyi. Inahesabu mauzo ambayo hela yake iko kwa mteja.

Kijana wa Mauzo
Dah. Basi apunguze oda, aanze na sare 60 kwa mwezi. Shimo litapungua.

Leja Kuu
Shimo litapungua, ila biashara itavuja. Kila sare inabakiza 3 baada ya kitambaa na fundi. Gharama za kudumu 150 zinahitaji sare 50. Ukiongeza rejesho 60 unahitaji sare 70. Akishona 60 anapungukiwa 30 kila mwezi hata mteja alipe palepale. Hiyo 70 iandikwe wazi, kwa sababu ndiyo itakayokuambia lini oda zimeshuka mno.

Cherehani Mpya
Kwa hiyo mnataka niache? Mashine nimelipia.

Mama Rejesho
Hakuna aliyesema uache. Mashine si tatizo lako, siku 60 ndizo tatizo. Mwombe mteja nusu ya malipo wakati wa kuagiza, na mwenye kitambaa akupe siku 30. Leja, hebu pitisha.

Leja Kuu
Mwezi wa kwanza: 800, inaingia 500 ya awali, zinatoka 410 kwa sababu kitambaa hakijalipwa. Zinabaki 890. Mwezi wa pili inaingia 500, zinatoka 910, zinabaki 480. Mwezi wa tatu, kabla salio la mzigo wa kwanza halijaingia, unashuka hadi 70. Likiingia unakuwa na 570.

Inapita, kwa shida. Salio hilo likichelewa mwezi mmoja, mwezi wa nne unapungukiwa 340. Hiyo ndiyo sehemu ya hatari: kitu gani kikitokea unafunga, na utafanya nini wiki ile? Usiandike "ushindani" wala "hali ya uchumi". Andika "mteja mmoja, hakuna mkataba, akichelewa siku 30 sina mishahara."

Shoka Butu
Mwenye kitambaa atampa mgeni siku 30? Labda kwenye hadithi.

Mama Rejesho
Hilo ni kweli, wengi hawampi mgeni. Wengine hukubali baada ya oda chache za taslimu, au kukiwa na oda ya maandishi ya mnunuzi. Bila hiyo hesabu inabadilika. Na mleta uzi, mafundi ni wangapi?

Cherehani Mpya
Wawili. Kila mmoja sare 2 kwa siku, siku 25. Zinatimia 100.

Mama Rejesho
Zinatimia asipougua mtu na isirudishwe hata sare moja. Swali la sehemu ya timu ndilo hilo: nani akikosekana kazi inasimama? Tafuta fundi wa tatu wa kuitwa kwa kipande, mwandike. Hakuongezei gharama ya kudumu.

Cherehani Mpya
Nimempigia meneja sasa hivi. Anasema awali wanaweza kutoa asilimia 30, siku 60 zibaki. Naona inatosha, nikimpata na wa kitambaa.

Leja Kuu
Haitoshi. Kwa asilimia 30, hata kitambaa kikiwa cha mkopo, mwezi wa tatu unashuka hadi upungufu wa 530. Usibishane naye kwenye asilimia, bishana kwenye siku. Asilimia 30 na salio ndani ya siku 30: mwezi wa pili unashuka hadi 80 halafu linaingia 700, na mwezi wa tatu hushuki chini ya 170. Lakini bado inategemea kitambaa cha mkopo.

Cherehani Mpya
Siku 30 atakataa, utaratibu wa kampuni yao ni 60. Labda niongeze kiasi cha mkopo.

Mama Rejesho
Ukiongeza mkopo rejesho linapanda, na ile 70 inapanda nayo. Piga hesabu upya kabla hujamwambia chochote. Omba pia marejesho yaanze mwezi wa nne, wapo wanaokubali, ila riba ya miezi hiyo uliza inahesabiwaje.

Pimajoto
Na mimi wateja wangu wanalipa baada ya siku 90. Nifungue uzi wangu au niulize humu humu?