Utafiti wa 2015: kosa la asilimia 2 lilizaaje 15?

Mlalahoi wa Tandika
Wakuu, naomba nieleweshwe bila matusi. Septemba 2015, kabla ya uchaguzi wa rais hapa Tanzania, shirika la Twaweza walitoka na utafiti wao wa simu, Sauti za Wananchi: Magufuli wa CCM 65, Lowassa wa upinzani 25. Tukaambiwa sampuli ya watu 1,848 ina kosa la kama asilimia 2 juu au chini, uhakika 95. Oktoba tume ikatangaza Magufuli 58.46, Lowassa 39.97. Mmoja kapishana na utafiti kwa 6 na ushee, mwingine kwa 15. Sasa ile 2 ilikuwa ya nini? Ama utafiti ulipikwa, ama matokeo yalipikwa. La tatu silioni.

Kamanda Asiyechoka
Watu 1,848 kwenye nchi ya wapiga kura milioni 23! Mtaa wangu peke yake unawazidi. Mimi sijapigiwa, mke wangu hajapigiwa, shemeji yangu ana laini tatu na zote hazijapigiwa. Walimuuliza nani?

Mahindi ya Kibaigwa
Kamanda, mimi nanunua mahindi. Gunia silimwagi chini ndipo nijue hali yake. Nachoma bambo, punje zinashuka kiganjani, naangalia unyevu na wadudu, tunaanza kuongea bei. Liwe gunia la kilo 50 au la kilo 100, bambo ni lile lile. Kwa hiyo hao 1,848 hawanisumbui.

Kinachonisumbua ni kwamba muuzaji anajua bambo linachomwa wapi. Mazuri anayapanga pembeni, yaliyovunda anayaficha katikati. Choma pembeni mara hamsini, umedanganyika mara hamsini. Wakulima wa lumbesa ndio mabingwa wa mchezo huo.

Nusu Shilingi
Mlalahoi, uhakika 95 maana yake kulikuwa na nafasi 95 kwa 100 kwamba Magufuli atapata kati ya 63 na 67. Ikitokea nje ya hapo ni zile 5 zilizobaki. Bahati mbaya tu, haina mchawi.

Bi Sensa
Nusu Shilingi umekaribia mlango, lakini umeingia wa jirani. Chukua kipeuo cha pili cha 1,848, ni karibu 43. Gawa 100 kwa 43, unapata 2.3. Hiyo ndiyo kosa la sampuli kwa uhakika wa 95, ikiwa watu walichaguliwa kwa bahati nasibu. Maana yake ni hii: siku zile zile, kwa utaratibu ule ule, ukichota watu 1,848 mara mia na kila mara ukaweka 2.3 juu na chini, karibu mara 95 utakuwa umelizingira jibu ambalo Watanzania wote wangetoa iwapo *wangeulizwa swali lile, kwa njia ile, siku ile*. Halijasema lolote kuhusu tarehe 25 Oktoba. Waliohojiwa walipigiwa kati ya tarehe 19 Agosti na 7 Septemba, na kampeni zilifunguliwa tarehe 22 Agosti.

Na "bahati mbaya" haitoshi. Ukitaka uhakika wa 99 unapanua tu wavu, kosa linakuwa 3. Hata tukisema sampuli ilichotwa kwa maeneo, majirani wanafanana mawazo, kwa hiyo watu 1,848 wana uzito wa nusu yao, kosa linafika kama 3.2. Kutoka hapo hadi 15 ni safari ya Dar mpaka Kigoma. Bahati nasibu haisafiri hivyo.

Mlalahoi wa Tandika
Kwa hiyo walipika. Asante.

Bi Sensa
Sijasema hivyo, na usinilishe maneno.

Mkulima Mwenyewe
Wewe wa Kibaigwa rudi hapa. Eti wakulima wa lumbesa ni mabingwa wa udanganyifu? Nani anakuja shambani na gunia lake, anashona kofia ya wavu juu yake, halafu analipa bei ya gunia moja? Sheria inasema kilo 100. Mimi nimewahi kupakia zilizofika 130 kwa sababu dalali kakataa kuondoka bila lumbesa. Leo unajifanya mtaalamu wa takwimu.

Mahindi ya Kibaigwa
Mkulima, punguza jazba. Mimi ni mnunuzi, si dalali.

Mkulima Mwenyewe
Fisi na mbwa mwitu.

Mzee wa Zamu
Vijana, hizi kura za maoni mimi zimenitia umaskini. Niligombea udiwani, chama sikitaji. Nilikuwa na daftari la wajumbe wote 214, nikazunguka nyumba kwa nyumba mwenyewe. Wajumbe 131 waliniahidi kura, wengine wakaapa kwa watoto wao. Siku ya siku nikapata 37. Sasa hapo kosa lilikuwa asilimia ngapi?

Kamanda Asiyechoka
Mzee, wanaongelea utafiti wa maoni, siyo kura za maoni za chama 😂

Bi Sensa
Kamanda muache mzee, kajibu swali la Mlalahoi kuliko sisi wote. Shikamoo mzee wangu. Wewe hukuchukua sampuli, uliuliza wote 214. Kosa lako la sampuli ni sifuri kamili. Mwanatakwimu angekuandikia jumlisha au toa 0. Na bado ulikosea kwa kura 94. Kosa lote lilikuwa la aina nyingine: aliyeuliza ni mgombea mwenyewe, amekaa kwenye kochi la mjumbe, pengine na soda mkononi. Nani angekukatalia usoni?

Makosa ya aina hiyo hayamo kabisa ndani ya ile 2.3. Hesabu ya 2.3 inajua kitu kimoja tu, idadi ya watu uliowauliza. Haijui kama walikuogopa, kama waliokataa simu wanafanana na waliopokea, wala kama orodha yako ilimsahau mtu. Ukitaka kulipunguza kosa la sampuli nusu, uliza watu mara nne zaidi, kama 7,400 hivi. Mzee angeuliza wajumbe wale wale mara nne, wangemuapia mara nne.

Mzee wa Zamu
Marahaba mwanangu. Soda ilikuwepo, na nilinunua mimi.

Dodoso Limeloa
Nimewahi kuwa mdadisi wa utafiti mmoja, wa uso kwa uso, siyo huu wa simu. Karatasi inasema kaya ya kumi na mbili. Ukifika, kufuli. Utaratibu unataka urudi mara nyingine, lakini jua linazama na gari la timu linapiga honi. Mwenzangu akaenda kaya ya kumi na tatu, mtu yupo, kazi imeisha. Sasa nani anakuwepo nyumbani saa nane mchana? Si kijana wa bodaboda.

Halafu balozi wa nyumba kumi anakaa benchi moja na mhojiwa "kusaidia". Unauliza atampigia nani, mhojiwa anamwangalia balozi kwanza. Kuna wengine mwishoni wananiuliza, "Haya, msaada mtaleta lini?" Yaani muda wote aliamini nimetoka serikalini. Afrobarometer wana swali la namna hiyo kabisa mwisho wa dodoso: unadhani nani ametutuma? Nenda ukalinganishe majibu ya wanaodhani ni serikali na ya wengine.

Nusu Shilingi
Sawa, nimeteleza kwenye 95. Lakini mmesahau kitu rahisi: Zanzibar. Utafiti ule ulikuwa wa Bara tu, na kule upinzani ni ngome. Hizo 15 ziko huko.

Bi Sensa
Wazo zuri, tulipime. Zanzibar walikuwa na wapiga kura karibu nusu milioni kati ya milioni 23. Hiyo ni kama 2 kwa mia. Hata wote, mpaka mabaharia, wangempa Lowassa, usingemtoa 25 ukamfikisha 27. Imeachwa nje ya orodha, kweli ni kosa, ila ni dogo.

Kijana wa Gikomba
Jameni huku kwetu Kenya tuliona sinema hiyo hiyo kwenye uchaguzi wa rais wa 2022. Kampuni kadhaa, zingine zilihoji maelfu ya watu, na za mwisho nilizosoma zote zilimweka Raila mbele. Infotrak walisema 49 kwa 41. Tume yetu, IEBC, ikatangaza Ruto 50.49, Raila 48.85. Na sheria yetu ya 2012 inawalazimisha waandike sampuli na kiwango cha makosa. Wanaandika tu, na bado.

Bi Sensa
Gikomba, hapo ndipo pa kushika. Na 2015 huku Ipsos nao walipima: Magufuli 62, Lowassa 31. Tofauti na Twaweza, lakini wamekosea upande ule ule. Kosa la sampuli halina chama. Likimpandisha mgombea kwa kampuni moja, kwa nyingine linaweza kumshusha yule yule. Ukiona wote wameinama upande mmoja, acha kuhesabu vichwa, kagua mizani. Mizani inayozidisha kilo tatu, hata upime magunia elfu, wastani wako utazidi kilo tatu zile zile, tena sasa kwa kujiamini.

Mkulima Mwenyewe
Na hizo mizani za kuzidisha zipo wapi kama siyo kwa wanunuzi wa mahindi?

Mahindi ya Kibaigwa
Nilijua utafika hapo.

Kijana wa Gikomba
Lakini angalia, Bi Sensa: Infotrak walimpata Raila karibu sawasawa, 49 kwa 48.85. Aliyepotea ni Ruto tu. Zile 10 zilizobaki, wasioamua na waliokataa kusema, ni kama zilimwendea yeye. Raila ndiye aliungwa mkono na rais aliyekuwepo. Huko kwenu aliyepungua ni mpinzani. Mtu akiogopa, anasema "sijaamua".

Bi Sensa
Inawezekana, na ndiyo maana mimi nikisoma utafiti nafungua kwanza idadi ya wasiosema. 65 na 25 ni 90. Na hapa pia 10 zinabaki, kuna wagombea wadogo humo na wasiosema. Lakini hoja yako haimalizi ya 2015. Ukimpa Lowassa zote 10 anafika 35, si 40, na Magufuli bado ana 65 anazopaswa kupunguza. Kuna watu walisema Magufuli wakapiga kingine, au walisema Magufuli na siku ile hawakwenda, maana waliojitokeza walikuwa kama 67 kwa mia. Au walibadilika kweli ndani ya wiki saba. Hilo la mwisho siyo kosa la mtu, na kwa utafiti mmoja huwezi kulitenganisha na woga. Ungehitaji kuwapigia watu wale wale wiki ya mwisho.

Dodoso Limeloa
Na jopo lenyewe. Sauti za Wananchi wanachagua watu mapema, wanawagawia simu na chaja za sola, halafu wanawapigia wale wale kila mara. Jopo likikaa miaka bila kuongezwa vijana njiani, aliyekuwa na miaka 16 wakati wa kuchagua hayumo, na siku ya uchaguzi ana kadi ya kura.

Mlalahoi wa Tandika
Kwa hiyo mnataka kuniambia hakuna aliyepika?

Bi Sensa
Nakwambia tu kwamba 15 dhidi ya 2 siyo ushahidi wa kupika, wa upande wowote. Ukiwa na ushahidi mwingine ulete.

Kamanda Asiyechoka
Bado sijapigiwa.

Mzee wa Zamu
Kamanda, nitumie namba. Mwakani nagombea tena, nitakupigia mimi.

Mkulima Mwenyewe
Mzee usimwamini, atakuahidi lumbesa.