Karatasi ya kuokea, foili au silikoni kwenye eafraya: ipi salama?

Mama Nasri, Shangani
Habari za jioni wadau. Leo mchana nilitaka kuoka changu wawili niliotoka nao feri. Nilikuwa na karatasi ya kuokea, boksi lake limeandikwa mwisho nyuzi 220. Eafraya nikaiweka nyuzi 200, nikatandika karatasi kwenye kikapu kitupu na kuwasha ipate moto kwanza, huku nikiwapaka samaki ndimu na kitunguu saumu. Hata dakika tatu hazijaisha nikasikia kitu kinapapatika ndani, kisha harufu ya kuungua, kisha moshi ukatoka kwa nyuma. Nilipovuta droo moto ukapanda. Nimechomoa plagi mikono inatetemeka, nikairudisha droo, ukazimika.

Sasa naomba mnieleweshe. Mimi nilikuwa chini ya 220, karatasi imewakaje? Na je, nihamie foili, au zile sahani za silikoni?

Kijana wa Ligula
Pole sana mama. Hamia foili, shida imeisha. Foili ni aluminiamu, haiyeyuki mpaka nyuzi 660 na eafraya haifiki huko. Mimi mwaka wa pili natumia foili kwa kila kitu na sijaona hata moshi.

Fundi Chikongola
Mama Nasri pole, na shukuru ulichomoa plagi. Nimefungua eafraya nyingi zenye majivu ya karatasi juu ya koili, na karibu zote zina historia kama yako.

Ile 200 uliyoweka ni joto la hewa inayozunguka chakula. Koili iliyo juu ya kikapu ni habari nyingine kabisa. Chuma kikianza kung'aa chekundu kimeshapita nyuzi 500, na karatasi hushika moto kwenye 230 hivi. Kwenye oveni karatasi imelala kwenye trei na hakuna upepo wa kuiinua, kwa hiyo namba ya boksi inatosha kukuongoza. Kwenye eafraya feni iko juu ya kikapu na upepo unarudi kutokea chini. Karatasi tupu inapepea kama tanga, inainuka, inagusa koili. Kule kupapatika ulikokusikia ndiko huko. Ungeweka hata nyuzi 160 ingewaka vilevile, maana koili ikiwaka ni nyekundu ileile, kinachobadilika ni muda inaokaa imewaka.

Kwa hiyo kikapu kipate moto kikiwa kitupu kabisa. Karatasi iingie pamoja na samaki, samaki akiwa ameilalia. Ikate iwe ndogo kuliko sakafu ya kikapu, upana wa kidole ubaki kila upande, isipande ukutani. Itoboe matundu ili hewa ipite. Changu mzima ana uzito wa kuishika. Vipande vyembamba vya ndizi au muhogo havina, kwa hivyo usiwekee karatasi.

Na siku nyingine ukiona moto ndani, usivute droo. Zima kwenye swichi ya ukutani, droo ibaki imefungwa mpaka ipoe. Ukivuta unaupa hewa. Maji usimwage, kuna umeme na kuna mafuta. Ukiona moto unatoka nje ya mashine, toeni watu na pigeni 114.

Kijana wa Ligula, kuhusu kuyeyuka umesema kweli. Lakini kipande cha foili kisicho na uzito juu yake kinapeperuka pia, na kikigusa koili ambayo waya wake uko wazi inapiga shoti. Tena mama anapaka ndimu na chumvi.

Bint Mikindani
Hapo kwenye ndimu naongezea. Niliwahi kufunga samaki wa ukwaju kwenye foili na kumlaza usiku mzima kwenye friji. Asubuhi foili ina madoa ya kijivu na vitobo vidogo kama vya sindano, na samaki ana ladha ya chuma. Tangu siku hiyo chenye ukwaju, ndimu au nyanya nakiwekea karatasi kwanza ndani, foili nje.

Mkulima wa Newala
Ahsanteni kwa somo. Mimi nina korosho zangu za maganda, nataka kuzichoma kwenye hiyo mashine nimwage maganda baadaye. Nitandike karatasi au foili?

Fundi Chikongola
Mkulima, tafadhali usiweke korosho ya ganda humo, hata ukitandika nini. Unajua mwenyewe mafuta ya ganda yanavyobabua mikono ya wabanguaji. Ndani ya kikapu yatachuruzika na kurushwa na feni mpaka kwenye koili, na yanawaka vizuri sana. Moshi wake unachoma macho na kifua, na huo uko jikoni kwako. Ganda lichomwe nje kama mlivyozoea. Zilizokwisha kubanguliwa ni sawa: nyuzi 150, bila karatasi, tikisa kila baada ya dakika tatu na utoe zikianza rangi ya dhahabu.

Mzee wa Ng'apa, Lindi
Mimi sina eafraya, nina oveni ya gesi. Nilikuwa natandika foili chini kabisa, sakafuni, ili mafuta yasichafue. Keki zikawa zinaungua chini, juu mbichi. Mwali ukawa wa njano, masufuria yakashika masizi, na mke wangu akawa analalamika kichwa kila akioka.

Fundi Chikongola
Shikamoo mzee. Itoe hiyo foili leo. Yale matundu ya chini ndiyo njia ya hewa ya gesi. Ukiyaziba moto unakosa hewa, unakuwa wa njano, na unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Kichwa cha mama ndiyo dalili yake. Mkifungua madirisha na mwali ukarudi bluu, sawa. Ukibaki njano, usiutumie mpaka fundi wa gesi aukague. Kukinga mafuta, weka trei ngazi moja chini ya chakula.

Mama Nasri
Nimerudi. Jana nimerudia kama fundi alivyosema. Kingo za karatasi zimekuwa kahawia tu. Tatizo limenipata wakati wa kugeuza: nilimtoa samaki mmoja, upande ule wa karatasi ukainuka nilipokuwa nasukuma droo. Nikaitoa yote, nikamalizia bila. Na silikoni je?

Bint Mikindani
Ninayo. Haipeperuki, nzito, yangu imeandikwa 230. Ila mafuta yanabaki ndani, samaki chini anachemka badala ya kukauka. Kwa keki na mayai naipenda, kwa samaki hapana. Kwa samaki mimi sitandiki kitu: namfuta akauke kabisa kwa kitambaa, nampaka mafuta yeye, si kikapu, namweka kikapu kikiwa cha moto. Ngozi haishiki. Na vijiko vitatu vya maji kwenye droo chini ya kikapu, mafuta yakidondoka hayafuki moshi.

Kijana wa Ligula
Wanasema ukiikunja silikoni ikitoa weupe ni feki.

Fundi Chikongola
Nimeona zilizotoa weupe zikadumu miaka, na zisizotoa zikanuka. Sikiegemei kipimo hicho. Ninachofanya ni kuiweka tupu kwenye oveni, nyuzi 200, nusu saa, madirisha wazi. Ikinuka bado mara ya pili, siipikii.

Bint Mikindani
Yangu ilinuka mara tatu, ya nne ikaacha. Naitumia mpaka leo.