Kikuku cha "fedha 925" kimenichoma mguu, na muuzaji ananiambia nioge!

Katuba_Moto
Ba yaya na ba kaka, nimechoka na hawa watu. Joto hili la mwezi wa kumi hapa Lubumbashi, mvua bado, kila mtu anatembea na kandambili. Ndiyo wakati wa kupamba mguu. Muuzaji mmoja wa sokoni akaniuzia kikuku cha sentimita 23 pamoja na pete mbili za vidole vya mguu. Aliapa ni fedha tupu, akanionyesha 925 iliyogongwa kwenye kifungo.

Sasa chini ya kifungo kuna upele mwekundu wenye vilengelenge, unawasha hadi usingizi unakata. Kidole cha pili kimechorwa duara lenye upana uleule wa pete. Nimerudi kwake, jibu lake: "Mama, mguu wako ndio mchafu." Makuta yangu ameyala, na matusi juu! Mji mzima tumelalia mukuba, shaba yenyewe, halafu tunauziwa bati lililopakwa rangi?

Mwana_Kamalondo
Yaya, pole, lakini hiyo ni saizi. Sentimita 23 inakubana. Mimi nilihamia 25 na mwasho ukapungua. Na kama ngozi imegeuka kijani, ujue ni sumu ya shaba, tupa yote.

Tupa_na_Moto
Mimi ni sonara, niruhusuni. Kamalondo ana nusu ya ukweli. Kikuku kinachobana hushikilia jasho na kusugua, kwa hiyo mwasho huzidi. Ila saizi haichori duara la vilengelenge kwenye kidole. Na ule ukijani hauna neno: shaba imekutana na jasho, ukiosha kwa sabuni unatoka. Hata fedha halisi ya 925 ina shaba kidogo ndani yake.

Mama Katuba, mimi nashuku nikeli. Vitu vya bei rahisi huwa ni shaba ya njano, juu yake nikeli, halafu utando mwembamba wa fedha. Pale panaposuguliwa, yaani kifungo kwenye mfupa wa mguu na upande wa ndani wa pete, utando huisha kwanza. Jasho la chumvi huyeyusha nikeli, inaingia kwenye ngozi, na ngozi inayoikataa hutoka upele. Upele haulipuki saa ileile, mara nyingi huja baada ya siku moja hadi tatu, ndiyo maana muuzaji anapata nafasi ya kusingizia mguu. Je, sehemu ya mkufu iliyo mbali na kifungo imekuwasha?

Katuba_Moto
Hapana! Pale ngozi ni safi kabisa. Kwa hiyo uchafu wangu unachagua kifungo tu?

Mama_Pacha_Ruashi
Mimi pete yangu ya kidole haitoki tangu mimba ilipofika miezi saba, mguu umevimba. Nayo ni nikeli?

Tupa_na_Moto
Mama Pacha, hiyo ni habari nyingine. Weka mguu juu, paka mafuta, zungusha polepole. Kidole kikianza kuwa cha buluu au ganzi, nenda hospitali wakaikate leo. Na huo uvimbe wenyewe uonyeshe kliniki, hasa kama kichwa kinauma.

Katuba, kwaruza kifungo kwa tupa upande usioonekana. Ukiona njano, umeuziwa shaba iliyopakwa. Usipoiona bado usishangilie, maana kuna mchanganyiko mweupe wa shaba, zinki na nikeli usio na fedha hata chembe, na sumaku haiukamati.

Mwana_Kamalondo
Si apake tu rangi ya kucha isiyo na rangi kwa ndani?

Tupa_na_Moto
Kwenye mguu unaotoka jasho na kusuguana na kiatu inabanduka upesi. Mtu ambaye nikeli imeshamkataa, kwa kawaida humkataa maisha yote. Atafute titani, au fedha ya sonara anayemjua. Inoksi ya 316L, yaani chuma kisichoshika kutu, ina nikeli ndani lakini inaiachia kidogo sana. Wengi wanaivumilia, wachache hawaiwezi. Shanga za uzi wa pamba ni nzuri, ila uzi ukikaa umelowa nao unawasha.

Apime mguu jioni, wakati joto limeshauvimbisha, juu ya kile kifundo cha mfupa, kisha aongeze sentimita moja na nusu. Pete avue akioga, akaushe katikati ya vidole. Ngozi ikigeuka nyeupe na kubanduka kati ya vidole vidogo, hiyo mara nyingi ni fangasi, haifuati umbo la pete.

Katuba_Moto
Nimekwaruza. Njano kama kijiko cha zamani! Nimemtumia picha, sasa anasema mkufu ni fedha, kifungo pekee ndicho "cha kawaida".

Tupa_na_Moto
Hilo linawezekana, wengine hufanya hivyo. Kwaruza na mkufu. Lakini 925 ameigonga wapi?

Katuba_Moto
Kwenye kifungo.