Naomba ushauri: nimwulizeje wakala bei ya meli na ya ndege ili nilinganishe kwa haki?

Wakuu, habari zenu. Nina katoni 4 za vipuri, kila moja sm 60 x 50 x 40, kilo 18. Mteja anazihitaji haraka. Wakala kanitumia bei mbili: ya ndege ni kwa kilo, ya meli ni kwa ujazo, na ya meli inaonekana rahisi mno. Hapo ndipo ninaposita.

Kwa ndege nimepiga hesabu mwenyewe: 60 x 50 x 40 gawanya kwa 6000 ni kilo 20 za ujazo kwa katoni, na ndege hutoza iliyo kubwa kati ya hizo na za mizani. Kwa hiyo nitalipia kilo 80, si 72 za mizani. Hilo sina ugomvi nalo.

Kwa meli, mzigo wangu ni mita za ujazo 0.48 tu, lakini kwenye kontena la kuchangia, mawakala wengi wanatoza kuanzia mita 1 nzima. Halafu bei aliyonipa inaishia bandarini. Gharama za kupakua kontena, hati na ghala hazimo, na kwa mzigo mdogo hizo zinaweza kuzidi nauli yenyewe.

Nafikiria kumwomba aandike upya zote mbili hadi mlangoni kwa mteja, ushuru ukae pembeni, na ataje siku ya kukabidhiwa mzigo, maana siku za baharini pekee hazihesabu kusubiri kontena lijae.

Waliozoea, kuna gharama gani nyingine nimlazimishe aitaje? Na nikipunguza katoni ziwe fupi kidogo, ndege itashuka kweli?