Naomba ushauri: nikague vipi bafu kabla ya kupokea nyumba yangu ya Sahare, Tanga?

Mgeni wa Sahare
Salamu, wanajukwaa. Fundi amemaliza nyumba yangu ya vyumba vitatu, na Jumamosi anataka kunikabidhi funguo nami nimlipe salio. Sebuleni na vyumbani nimefungua na kufunga kila mlango na dirisha, nikachomeka chaji ya simu katika kila soketi, na nilichokiona ni kitasa kimoja kinachokwama. Bafu ndilo linalonitia wasiwasi, kwa kuwa marumaru zimefunika kila kitu.

Fundi Mstaafu
Mwanangu, mwaga kwanza ndoo ya maji kwenye kona iliyo mbali na tundu la kutolea maji, kisha subiri robo saa. Panapobaki kidimbwi, mteremko haukuwekwa sawa. Baada ya hapo ziba tundu kwa kitambaa kilichoviringishwa katika nailoni, jenga kingo ndogo ya udongo mlangoni, jaza maji ya kina cha sentimita mbili, weka alama ya penseli ukutani na uyaache saa 24. Yakipungua milimita chache, ni mvuke tu. Yakipungua nusu, huku plasta ya chumba cha jirani ikilowa kuanzia chini, dawa ya kuzuia maji ama haikupakwa ama imepasuka.

Binti wa Chumbageni
Mbona mnajisumbua? Gonga marumaru kwa sarafu. Yoyote inayolia kama debe tupu ing'olewe.

Fundi Mstaafu
Kugonga kunafaa, ila hakuonyeshi uvujaji, kwa sababu marumaru iliyoshika vizuri nayo hupitisha maji kwenye viungo. Tena kona ndogo yenye mlio si sababu ya kubomoa. Iliyo tupu katikati, mahali pa kukanyagwa, ndiyo itakayopasuka.

Baba wa Pongwe
Kwangu rangi inabanduka na chumvi nyeupe inatoka ukutani, nami nashuku plasta ilichanganywa na mchanga wa ufukweni usiooshwa. Nilishapokea nyumba mwaka jana. Je, naweza kumdai fundi?

Mgeni wa Sahare
Shikamoo, mzee. Nimeamka nikakuta maji yamebaki sentimita moja, lakini ukuta wa chumbani ni mkavu. Fundi anasema atapaka saruji nyeupe kwenye viungo na yataisha.

Fundi Mstaafu
Marahaba. Saruji ya viungo haizibi kilichoharibika chini yake. Hata hivyo, usimlaumu bado: funua chemba ya nje, na ukiona maji yanachuruzika kutoka bomba la bafu, kilichovuja ni kizibo chako. Chemba ikiwa kavu, maji yako sakafuni, na ukuta unaweza kuchelewa siku kadhaa kuonyesha.

Mgeni wa Sahare
Nimeifunua na kuikuta imelowa, lakini bomba la jikoni nalo linaingia humo humo, na mafundi walikuwa wakiosha vifaa vyao. Nimeziba tundu upya, nimefunga koki zote, na salio bado liko mikononi mwangu. Fundi amekwisha kuniambia kwamba baada ya Jumamosi hatarudi.