Mtoto wa miezi 8, baba ana uraia, mama ana uraia, yeye hana: tuanzie wapi?

Mwombaji_Ushauri
Habari wakuu. Nasaidia wazazi fulani kujaza fomu na nimekwama. Nchi zenyewe sitazitaja, nitaziita ya baba, ya mama na ya kuzaliwa.

Baba ni raia wa nchi yake kwa kurithi, yaani yeye mwenyewe alizaliwa nje, na sheria ya kwao inarithisha uraia kwa kizazi kimoja tu nje ya mipaka. Mama anatoka nchi ambayo baba peke yake ndiye anayerithisha. Mtoto kazaliwa katika nchi ya tatu, ambako kuzaliwa tu hakukupi uraia. Wazazi wamefunga ndoa. Cheti cha kuzaliwa kipo, na kwenye safu ya "Uraia wa mtoto" karani kaandika nchi ya mama. Wazazi wamefurahi, wanasema si haba. Mimi nina wasiwasi. Nchi ya kuzaliwa imeridhia Mkataba wa 1961 wa kupunguza ukosefu wa uraia.

Mpiga_Debe
Hapo hamna tatizo, cheti kinasema ni raia wa nchi ya mama. Peleka ubalozini wakupe pasipoti.

Karani_wa_Zamani
Hapana, mkuu. Karani wa vizazi hana mamlaka ya kugawa uraia wa nchi nyingine. Anaandika alichoambiwa, au anakopi pasipoti iliyowekwa mezani, na mara nyingi ni ya mama kwa kuwa ndiye aliyekuja. Cheti kinathibitisha mambo mawili: mtoto kazaliwa wapi, na wazazi wake ni nani.

Madhara ya safu hiyo huja baadaye. Mtoto akiombewa uraia wa nchi ya kuzaliwa, afisa atafungua faili, atasoma "uraia: nchi ya mama" na kukataa ombi kwa hoja kwamba mtoto ana kwao. Ombeni marekebisho mapema, iandikwe "haujathibitishwa". Msikubali safu iachwe tupu, kuna mtu atakuja kuijaza.

Tausi77
Dawa ni rahisi. Sheria nyingi za namna ya nchi ya mama zina mlango mmoja: baba akiwa hajulikani, mama anarithisha. Wafute jina la baba kwenye cheti, kesi kwisha.

Mwanasheria_Kijiweni
Tausi, mlango huo kweli upo katika sheria kadhaa, lakini wenyewe wana ndoa na baba anajulikana. Wakitamka kinyume, uraia utakuwa umepatikana kwa udanganyifu. Mkataba wa 1961, ibara ya 8, unakataza kumvua mtu uraia akabaki hana kitu, ila unaacha tundu kwa uraia uliopatikana kwa uongo au ulaghai. Kwa hiyo mtoto anaweza kuvuliwa akiwa na miaka 25, na mkataba usimkinge. Isitoshe, mtakuwa mmemkatia kamba ya upande wa baba.

Na mimi ningeanzia upande huohuo wa baba. Ukomo wa kizazi kimoja mara nyingi haufungi mlango wote, unaondoa tu urithi wa moja kwa moja. Chukua Sheria ya Uraia ya Uingereza ya 1981, kifungu cha 3(2). Mtoto aliyezaliwa nje kwa mzazi aliye raia kwa kurithi anaweza kusajiliwa kama haki yake, endapo babu au bibi alikuwa raia kwa njia isiyo ya kurithi na mzazi aliwahi kuishi Uingereza miaka 3. Mtoto akizaliwa bila uraia wowote, sharti la miaka 3 linaondolewa. Sisemi nchi ya baba ni hiyo. Nasema katafuteni kifungu cha namna hiyo kwenye sheria yake, halafu msome neno moja: je, waziri *atamsajili* mtoto au *anaweza* kumsajili?

Mdadisi_Mkuu
Tofauti ya neno moja ina uzito gani?

Mwanasheria_Kijiweni
Mkubwa mno. Mwongozo wa UNHCR wa 2012 kuhusu haki ya mtoto kupata uraia unaruhusu nchi ya kuzaliwa isimpe uraia ikiwa tu anaweza kupata wa mzazi mara baada ya kuzaliwa, kwa usajili wa kawaida, na nchi ya mzazi haina hiari ya kukataa. Palipo na "anaweza", hiari ipo, na mzigo unarudi kwa nchi ya kuzaliwa. Kinachoangaliwa ni hali ya mtoto. Wazazi kuwa na pasipoti hakumfanyi mtoto awe raia wa popote.

Kwa hiyo andikieni balozi zote mbili, kila moja barua yake, mkiambatisha nakala ya cheti, cheti cha ndoa na pasipoti za wazazi. Msiulize "je, mtoto yumo kwenye kumbukumbu zenu?" Watajibu "hayumo", na jibu hilo halina thamani, kwani raia wengi hawamo kwenye kumbukumbu za ubalozi. Ulizeni hivi: "Kwa mujibu wa sheria yenu, je, mtoto huyu ni raia wenu tangu kuzaliwa? Kama si raia, ni kifungu gani kinachomzuia, na je, ana haki ya kusajiliwa?" Wekeni risiti ya kupokelewa. Ubalozi ukinyamaza, barua ya kukumbusha na risiti zake ni ushahidi wa kuweka kwenye faili.

Msafiri_Pwani
Mimi niliukana uraia wangu ili nichukue wa nchi nyingine, ombi likakataliwa. Na mimi nifuate njia hii?

Mwanasheria_Kijiweni
Lako ni ibara ya 7, msafiri: kuukana uraia kusitoe matokeo mpaka mtu awe na mwingine au aupate. Angalia kama nchi yako ya kwanza imeridhia mkataba, kisha fungua uzi wako tulichambue vizuri.

Mwombaji_Ushauri
Shukrani. Tuseme balozi zote mbili zimekataa kwa maandishi. Nchi ya kuzaliwa italazimika kumpa uraia papo hapo?

Karani_wa_Zamani
Si lazima papo hapo. Ibara ya 1 inaiachia nchi kuchagua: kumpa anapozaliwa, au kwa maombi. Ikichagua maombi inaweza kudai awe amekaa humo miaka isiyozidi 5 kabla ya kuomba, au isiyozidi 10 kwa jumla. Inaweza hata kufungua dirisha la maombi akifika miaka 18. UNHCR inasema kungoja hivyo hakuendani na Mkataba wa Haki za Mtoto, ibara ya 7, lakini madirishani mtakutana nako.

Mwanasheria_Kijiweni
Naongezea: mkataba unasema *makazi ya kawaida*, yaani mahali anapoishi kweli. Haukusema makazi yenye kibali. Sheria nyingi za ndani zimechomeka neno "halali", na hapo ndipo watoto wa wazazi ambao vibali vimekwisha wanapoangukia. Kibali cha wazazi kikoje?

Mwombaji_Ushauri
Cha baba kimebaki miezi 4. Cha mama kinategemea cha baba. Na sheria ya hapa ina hilo neno "halali".

Mdadisi_Mkuu
Si mkataba uko juu ya sheria ya nchi?

Mwanasheria_Kijiweni
Kuna nchi ambazo mkataba unatumika mahakamani moja kwa moja, na nyingine mpaka bunge liutungie sheria. Bila kujua hii ni ya kundi gani siwezi kukujibu. Kwa sasa huisheni kibali kabla ya miezi 4 kuisha, na mtoto aingizwe humo kwa jina lake. Babu mzaa baba alizaliwa wapi?

Mwombaji_Ushauri
Baba anasema ndani ya nchi yao, ila cheti cha babu hajawahi kukiona. Naanza kukitafuta kesho, pamoja na lile neno "atamsajili".